Mfumo umegoma kuanza zamu asubuhi: maswali tunayoulizwa kila siku kwenye dawati la TEHAMA

Zamu ya asubuhi inaanza saa moja kamili. Kuanzia saa moja kasoro robo simu ya dawati letu haipumziki, na ujumbe unaotufikia kwa kawaida una maneno mawili: "Mfumo umegoma." Ukurasa huu tumeuandika kwa ajili ya kisa kimoja tu kati ya vingi. Wenzako wameingia na wanapokea simu za wateja, intaneti yako inafanya kazi, ila wewe peke yako kitufe cha "Anza zamu" kimekukatalia au hata hukifikii. Katika hali hiyo mkosaji tunayemkuta mara nyingi kuliko wengine ni saa ya kompyuta au ya simu, na kwenye ujumbe anaotuandikia mtu saa hiyo karibu kamwe haitajwi.

## Kabla ya kuandika ujumbe

Mfumo umekataa kuanza zamu. Nianzie wapi?

Anza kwa kutazama kona ya chini kulia ya skrini. Usiishie kwenye saa, soma na tarehe, na katika tarehe usome mpaka mwaka. Watu wengi hutujibu "saa iko sawa" kwa sababu dakika zinaonekana za kawaida, kumbe mwaka ni 2019. Kisha weka simu yako kando ya skrini ulinganishe. Tofauti ikizidi dakika moja, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Saa, siku na mwaka" hapa chini, ila tuandikie kwanza ili muda wa ujumbe wako uwepo kwenye kumbukumbu (tazama swali la dakika zilizopotea, karibu na mwisho).

Usianze kwa kubadilisha nenosiri. Ukikosea mara kadhaa akaunti inajifunga, halafu tunakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Nitajuaje kama ni mfumo mzima au ni mimi tu?

Muulize mwenzako wa zamu hiyohiyo, au fungua ukurasa wa mfumo kwenye simu kwa bando lako mwenyewe, bila kutumia intaneti ya nyumbani wala ya ofisini. Ukurasa ukifunguka kwenye simu na ukakataa kwenye kompyuta, tatizo liko upande wako. Ukikataa kote na kuonyesha namba `502` au `503`, seva yetu ndiyo inayosumbua. Hapo huna la kurekebisha. Tupigie, ingawa yaelekea tumeshaambiwa.

## Ujumbe wenyewe

Niandike nini ili nisaidiwe haraka?

Huu hapa ujumbe wa aina tunayoipata kila asubuhi:

> Jamani TEHAMA habari, mfumo haufunguki tangu asubuhi naomba msaada haraka zamu imeanza.

Hauna kosa la adabu, lakini hautupi pa kuanzia. Itabidi tukuulize maswali matano, wewe uyajibu moja moja kwa simu, na robo saa inakwenda hivyohivyo. Linganisha na huu:

> Habari za asubuhi. Leo Jumanne tarehe 14, zamu yangu ni ya 07:00. Niko nyumbani, natumia kompyuta ya mezani ya Windows. Saa 06:52 nimefungua mfumo kwa Chrome, ukurasa haukufunguka, umeonyesha NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Usiku luku iliisha, kompyuta ilizimika. Kona ya skrini inasoma 00:12, tarehe 01/01/2019. Kwenye simu ukurasa unafunguka. Sijabadilisha chochote. Picha hii hapa.

Huyu tulimjibu kwa sentensi moja, akaanza zamu saa 07:06. Tazama alichofanya: ametaja alikokuwa na anachotumia, dakika aliyojaribu, maandishi ya kosa kama yalivyo, kilichotangulia usiku, na jambo alilolipima mwenyewe kwa simu. Sentensi ya "sijabadilisha chochote" inaonekana ndogo lakini sisi tunaithamini sana. Kama umebadilisha kitu, sema hivyo bila aibu, maana hatutafuti wa kumlaumu.

Kwa nini mnasisitiza saa iandikwe kwa tarakimu, kama 07:05?

Kwa sababu tunasema saa za Kiswahili lakini mashine inaandika saa za kizungu. Wakati mmoja mfanyakazi alituandikia kwamba kitufe kimekataa "saa 1:05". Kijana aliyekuwa dawatini, amechoka na zamu ya usiku, akaenda kutafuta kumbukumbu za 01:05. Hakukuta kitu, akamjibu dada yule kwamba hakuna jaribio lolote lililofanyika. Dada akakasirika, na alikuwa na haki, kwa kuwa alijaribu saa moja na dakika tano asubuhi, yaani 07:05, na kumbukumbu zilikuwepo.

Hesabu inapinda mara ya pili kwenye seva, ambayo inaandika kwa saa ya UTC, saa tatu nyuma ya yetu ya Afrika Mashariki. Jaribio la saa moja na dakika tano asubuhi kwako ni 07:05, na kwenye seva linasomeka 04:05. Hiyo ya pili tuachie sisi. Wewe andika tu saa unayoiona kwenye simu, kwa tarakimu nne, na ukipenda ongeza neno "asubuhi" au "usiku" mbele yake.

Picha ya skrini nipige vipi?

Piga kwa simu, ukisimama nyuma kidogo ili skrini nzima iingie. Picha zinazokatwa vizuri na kubakiza sanduku la kosa peke yake ndizo zinazotuchelewesha, kwa sababu kona yenye saa na tarehe imebaki nje. Mstari wa anwani juu ya brauza nao uonekane. Mara nyingine tumegundua mtu amefungua anwani ya zamani aliyoihifadhi miaka mingi iliyopita, na kosa lote lilikuwa hapo.

Kipi nisitume?

Usitume nenosiri, tarakimu sita za uthibitisho, wala picha ya msimbo wa QR uliokuja nao siku ulipounganisha programu ya uthibitisho. Huo msimbo wa QR ndio wa kuogopa zaidi: tarakimu sita zinakufa baada ya muda mfupi, lakini aliye na picha ya msimbo anaweza kuzitengeneza tarakimu zako kila siku. Kama skrini ina jina au namba ya mteja, ifunike kwa kidole unapopiga picha. Hakuna mtu wa dawati letu atakayekuomba vitu hivi, hata kama ana haraka kiasi gani.

## Saa, siku na mwaka

Saa ya kompyuta inahusiana vipi na kuanza zamu?

Kabla ya kukuonyesha ukurasa, brauza inadai cheti kutoka kwa seva. Cheti hicho, kama leseni ya udereva, kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Brauza inakilinganisha na saa ya kompyuta yako. Baada ya hapo unaingia, na mfumo unakupa pasi ya muda inayosema imetolewa saa fulani na itakwisha saa fulani. Mwisho kuna tarakimu sita za simuni, ambazo zinatengenezwa kutokana na saa ya simu. Kwa hiyo saa inasomwa mara tatu kabla kitufe hakijakubali.

Ndiyo maana tukiambiwa tu umekwama hatua gani, tunaweza kukisia saa yako imepotea kwa kiasi gani. Ikipotea kwa miezi au miaka, cheti kinaonekana hakijaanza au kimekwisha, na ukurasa haufunguki kabisa. Ikipotea kwa saa chache, cheti bado kinakubalika na ukurasa unafunguka vizuri, ila pasi inaonekana imekwisha muda au haijaanza, na unarudishwa kuingia upya. Ikiwa ya simu imepotea kwa dakika moja au mbili tu, utafika mpaka mwisho, halafu tarakimu sita zikataliwe.

Chrome imeandika "Your clock is behind". Je, nimeingiliwa na wadukuzi?

Hapana. Ni habari njema, kwa sababu kompyuta imekutajia ugonjwa wake yenyewe: saa yako iko nyuma. Chini yake utaona `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Onyo hilo likitokea huku saa na mwaka vikiwa sahihi kabisa, hapo ndipo tunapotaka kujua haraka, maana huenda cheti cha seva kimekwisha kweli, au kuna kitu kati yako na sisi kinachoingilia mawasiliano. Usitafute njia ya kulipita onyo. Tuandikie.

Turudi kwa dada wa ujumbe ule wa pili. Luku iliisha usiku, kompyuta ikazimika, akanunua umeme asubuhi na kuiwasha saa 06:40. Alipopiga picha saa 06:52, kona ya skrini ilisoma 00:12 ya tarehe 1 Januari 2019. Hizo dakika kumi na mbili zilitueleza kila kitu: kompyuta ilianza kuhesabu upya kutoka usiku wa manane wa tarehe ya kiwandani, kuanzia dakika alipoiwasha. Cheti chetu kilitolewa miaka mingi baada ya 2019, kwa hiyo machoni pa Chrome kilikuwa cha wakati ujao. Alikuwa ameshazima na kuwasha rauta mara mbili. Rauta haikuwa na kosa lolote.

Kwa nini saa ya kompyuta inapotea?

Kompyuta ya mezani ina betri ndogo bapa, kama ya saa ya mkononi, kwenye ubao wake mkuu. Kwa kawaida ni `CR2032` ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati umeme haupo. Ikichoka hutaona dalili yoyote mradi kompyuta inapata umeme kutoka ukutani. Siku umeme ukikatika, au mtu akichomoa waya ili achaji simu, saa inasimama na ukiwasha inaanzia tarehe ya kiwandani. Ndiyo sababu tatizo hili linapenda Jumatatu asubuhi na siku baada ya mgao.

Kuna kompyuta zinazolalamika waziwazi wakati wa kuwaka, kwenye skrini nyeusi, kwa maneno kama `CMOS checksum error`, kisha zinakutaka ubonyeze `F1` ili ziendelee. Watu hubonyeza kila asubuhi kwa miezi bila kumwambia mtu. Tafadhali tuambie. Betri hiyo ni kitu cha bei ndogo na inauzwa mpaka kwa mafundi saa.

Kompyuta mpakato ni tofauti kidogo. Nyingi hutegemea pia betri kubwa kutunza saa, kwa hiyo zinapoteza saa baada ya kukaa wiki kadhaa kabatini mpaka zikaisha chaji kabisa. Ukitoka likizo ndefu, iwashe siku moja kabla ya zamu.

Nirekebisheje saa mwenyewe?

Kama kompyuta ni yako, bonyeza kulia kwenye saa ya kona, chagua `Adjust date and time`, kisha fanya kwa mpangilio huu. Kwanza hakikisha ukanda wa saa ni `(UTC+03:00) Nairobi`. Ndio huohuo wa Dar, Zanzibar, Kampala na Mombasa, usihangaike kutafuta jina la mji wako. Pili, zima `Set time automatically`, bonyeza `Change`, uweke tarehe, mwaka na saa kwa mkono ukiangalia simu. Tatu, iwashe tena `Set time automatically` na ubonyeze `Sync now`. Funga brauza yote, ifungue upya, ndipo uende kwenye mfumo.

Ile hatua ya kuweka kwa mkono watu wanairuka, wanabonyeza `Sync now` moja kwa moja, na Windows inawakatalia. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kama kompyuta ni ya ofisi, utaweza kubadilisha ukanda wa saa lakini saa yenyewe itakudai nenosiri la msimamizi. Tuandikie, tutaingia kutoka huku. Wala usiifungue kompyuta ya ofisi kubadilisha betri mwenyewe. Diski zake zimefungwa kwa ufunguo, na mipangilio ya ndani ikijifuta inaweza kuamka ikidai namba ya tarakimu 48 ambayo iko kwetu tu.

Nimebonyeza "Sync now" na imekataa. Sasa?

Kompyuta ya nyumbani yenye Windows haikubali kuruka zaidi ya saa 15 kwa mara moja inapojisawazisha na saa ya mtandaoni. Ni tahadhari ya makusudi: seva ya saa iliyoharibika isije ikaihamisha kompyuta yako mpaka mwaka mwingine. Lakini kompyuta iliyoamkia 2019 inahitaji kuruka miaka, kwa hiyo inakwama. Ukiiweka kwa mkono hata kwa kukadiria, ukawa ndani ya saa hizo 15, itakubali kumalizia yenyewe.

Anayependa kuhakikisha afungue dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, aandike:

```
net start w32time
w32tm /resync
w32tm /query /status
```

Ukiona `The computer did not resync because the required time change was too big`, ni hilo la saa 15. Ukiona `The computer did not resync because no time data was available`, basi kompyuta haikuifikia seva ya saa. Inawezekana intaneti unayotumia imefunga mlango wa `UDP 123`, jambo la kawaida kwenye Wi-Fi ya hoteli na ya baadhi ya ofisi. Jaribu kwa bando la simu. Ikishindikana, saa uliyoiweka kwa mkono itakutosha kwa zamu ya leo. Mstari wa kwanza ukikujibu kwamba huduma imeshaanza, si kosa, endelea na wa pili.

## Visa vya kuzungusha kichwa

Saa inasoma sawasawa na simu, lakini nikiingia narudishwa palepale pa kuingia.

Hiki ndicho kisa kinachotuchosha kuliko vyote, kwa sababu mtu anaapa saa ni sahihi, na kwa macho ni sahihi. Tatizo ni ukanda wa saa. Tuseme kompyuta imetoka dukani ikiwa kwenye `UTC`. Umeona inasoma 04:00 wakati ni 07:00, ukaisogeza mbele kwa mkono mpaka 07:00 bila kugusa ukanda. Mishale sasa inapendeza, lakini ndani kompyuta inaamini ni 07:00 ya UTC, ambayo kwetu ni 10:00. Iko mbele saa tatu kamili.

Mfumo unakupa pasi ya dakika 60. Kompyuta inaipokea, inaisoma, inaona imekwisha tangu saa mbili zilizopita, inaitupa na kukurudisha mlangoni. Unaingia tena, mzunguko uleule. Watu wanadhani wamekosea nenosiri, kumbe nenosiri limekubaliwa kila mara.

Ili kujua, andika hii kwenye dirisha la amri:

```
tzutil /g
```

Jibu liwe `E. Africa Standard Time`. Likiwa jingine, weka ukanda sahihi kwanza, kisha ndipo urekebishe saa, kwa mpangilio ule wa swali la kurekebisha saa. Ukifanya kinyume utazunguka hapohapo.

Tarakimu sita za simuni zinakataliwa kila nikiziandika.

Programu ya uthibitisho haiongei na seva. Simu na seva kila moja inatengeneza tarakimu kivyake kutokana na siri moja na saa, na tarakimu hubadilika kila sekunde 30. Kwa kawaida seva husamehe hatua moja iliyopita, kwa sababu vidole vya binadamu ni vizito. Simu yako ikiwa nyuma dakika mbili, tarakimu unazoziona ni za hatua nne nyuma, na hazitakubaliwa hata ukiziandika kwa kasi ya umeme. Hapa ukanda wa saa hauna neno, kinachohesabiwa ni saa halisi tu.

Nenda kwenye mipangilio ya simu, washa tarehe na saa zijiwekee zenyewe kutoka kwenye mtandao. Kisha fungua `time.is` kwenye simu hiyohiyo, itakuambia umepishana kwa sekunde ngapi. Wanaopatwa na hili wana sababu zinazojirudia: simu ya pili isiyo na laini, au saa iliyosogezwa mbele makusudi ili upate nafasi nyingine ya kucheza gemu. Wengine huisogeza dakika tano mbele ili wasichelewe kazini, na hiyo ndiyo inayowachelewesha.

Kama saa ni sahihi mpaka sekunde na bado zinakataliwa, pengine umebadilisha simu na uunganisho wa zamani haupo tena. Tuandikie tukuunganishe upya.

Nafanya kazi nikiwa Bukavu, Kigali au Maskati. Niweke saa ya wapi?

Weka ya hapo ulipo. Bukavu, Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja, Maskati iko mbele kwa saa moja. Zamu ya 07:00 itasomeka 06:00 kwako Kigali na 08:00 kwako Maskati, na mfumo unajua kufanya hesabu hiyo. Kinacholeta shida ni kulazimisha kompyuta isome saa ya Dar kwa kusogeza mishale, kosa lilelile la kisa cha kurudishwa mlangoni. Kwenye ujumbe taja mji ulipo, vinginevyo tutatafuta kumbukumbu zako saa moja pembeni.

Nina Windows na Linux kwenye kompyuta moja, na saa inapishana saa tatu kila nikibadilisha.

Mifumo hiyo miwili inaisoma saa ya ubao kwa namna tofauti. Windows inaamini imeandikwa kwa saa ya hapa, Linux inaamini ni UTC. Linux ikisahihisha saa, ukirudi Windows utakuta iko nyuma saa tatu. Rahisi ni kubonyeza `Sync now` kila unaporudi Windows kabla ya zamu. Tofauti ni ndani ya saa 15, kwa hiyo itakubali.

## Kumbukumbu za zamu

Dakika nilizopoteza zitahesabiwaje?

Hilo anaamua msimamizi wako wa zamu, si sisi. Tunachompa ni vitu viwili: muda ujumbe wako ulipotufikia, na kumbukumbu za seva zinazoonyesha ulijaribu lini. Ndiyo maana tunasema andika kwanza, rekebisha baadaye. Aliyehangaika peke yake mpaka 07:40 kisha akaingia bila kutuandikia, kwenye karatasi anasomeka kama aliyechelewa.

Lakini jua kwamba ukurasa uliokataliwa na brauza kwa sababu ya cheti hauachi alama ya jina lako kwenye seva, kwa kuwa hukufika hata mlangoni. Katika kisa cha mwaka uliopotea, ujumbe wako na ile picha yenye kona ya saa ndio ushahidi pekee uliopo.

Nikirudisha saa ya kompyuta nyuma, zamu itaandikwa nimeanza mapema?

Tunaulizwa kwa utani, na mara mojamoja bila utani. Hapana. Muda wa kuanza unaandikwa na seva kwa saa yake yenyewe. Ukirudisha nyuma nusu saa, utakachopata ni kurudi kwenye ukurasa huu.

Zamu yangu ni ya usiku. Tarehe niandike ipi?

Andika tarehe inayosomeka kwenye simu dakika ile tatizo lilipotokea, na saa yake kwa tarakimu. "Jumanne usiku" inatuchanganya: mwingine anamaanisha usiku unaofuata mchana wa Jumanne, mwingine usiku wa kuamkia Jumanne kama walivyosema wazee wetu, na kati ya hizo mbili kuna siku nzima ya kumbukumbu. Ongeza na UTC: zamu ya saa nane usiku, 02:00 ya tarehe 15, kwenye seva imeandikwa 23:00 ya tarehe 14. Ukituandikia "tarehe 15, 02:00" tutaifikia bila kukupigia simu, na kama umelala baada ya zamu hatutakuamsha.